Hesabu Kwanza, Taja Baadaye: Namna ya Kutambua Alama na Vifaa vya Ibada Kwenye Picha

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Mtu amepewa kazi ya kuandika maelezo ya picha, anaona shanga mkononi mwa mzee, anauliza: "Hii ni rozari au tasbihi?" Mwingine ameona msalaba wenye miti mitatu ya kukingama akadhani fundi alikosea. Mwingine ameshtuka kukuta swastika mlangoni mwa hekalu na hajui aandike nini.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliandika chini ya picha moja kwamba ile taa yenye matawi ndiyo kinara cha Hekalu la Yerusalemu. Msomaji mmoja Myahudi aliniandikia kwa upole: "Ndugu yangu, hebu hesabu matawi tena." Nikahesabu. Yalikuwa tisa, na kinara cha Hekalu kina saba. Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja: nahesabu kwanza, jina linafuata. Alama nyingi zinazochanganywa hutofautiana kwa idadi, na idadi huonekana hata kwa asiyeijua dini yenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta picha yenyewe ya asili, isiwe nakala iliyopigwa kutoka kwenye skrini au iliyopita mikono mingi kwenye simu, kwa sababu kila inapotumwa inaweza kupoteza ubora, na vitu vidogo ndivyo vinavyotoweka kwanza. Uwe na njia ya kuikuza. Chukua karatasi na kalamu. Kuhesabu shanga kwa macho tu bila kuandika kutakupoteza ukifika ya ishirini. Kama inawezekana, fahamu picha ilipigwa wapi na lini. Na kama mwenye picha yupo, uwe na njia ya kumuuliza.

Hatua ya 1: Hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia

Kamera ya mbele ya simu wakati mwingine huhifadhi picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Tafuta maandishi yoyote ndani ya picha: bango, nembo ya nguo, tarakimu za saa ya mkononi. Yakisomeka kinyumenyume, igeuze picha kabla ya kufanya jambo jingine. Usiruke hatua hii. Utaona hapa chini kwamba mwinamo wa kijiti kimoja kwenye msalaba una maana yake, na kioo hukipindua.

Hatua ya 2: Kwenye msalaba, hesabu miti ya kukingama, kisha tazama kama kuna mwili

Mti mmoja wa kukingama, na ule wa wima ukiwa mrefu kwa chini, huo ni msalaba wa Kilatini, unaotumiwa na Wakristo wengi. Ukiwa na sanamu ya Yesu aliyesulubiwa, humkumbusha muumini mateso na sadaka yake. Wakatoliki huutumia sana, lakini Walutheri na Waanglikana wengi pia wanao, kwa hiyo usiandike "Mkatoliki" kwa sababu ya sanamu peke yake. Ukiwa mtupu, kama ulivyo kwenye makanisa mengi ya Kiprotestanti, wengi wao watakueleza kwamba ni kwa sababu Kristo amefufuka, hayupo tena msalabani. Herufi INRI zilizo juu ni kifupi cha maneno ya Kilatini ya lile tangazo la Pilato: Yesu wa Nazareti, Mfalme wa Wayahudi.

Ukihesabu mitatu, wa juu mfupi, wa kati mrefu, na wa chini umeinama, uko mbele ya msalaba wa Waorthodoksi, hasa wa Urusi na jirani zake. Ule mfupi wa juu ni kibao cha tangazo la Pilato. Wa kati ulibeba mikono. Wa chini ni mahali pa kukanyagia miguu, na mwinamo wake ni mahubiri mazima: ncha iliyoinuka iko upande wa kuume wa Yesu, alikokuwa mhalifu aliyetubu, na ncha iliyoshuka iko upande wa yule aliyemdhihaki. Kwako wewe mtazamaji, ncha iliyoinuka itakuwa kushoto. Ukiiona kulia, rudi Hatua ya 1, au angalia kama msalaba umepigwa picha kwa nyuma.

Mikono minne iliyo sawa kwa urefu ni msalaba wa Kigiriki. Ikiwa kila mkono unaishia kwa ncha tatu, huenda ni msalaba wa Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri. Zidisha: mikono minne mara ncha tatu ni kumi na mbili, idadi ya mitume.

*Kosa la kawaida:* msalaba uliopinduliwa kuitwa wa kishetani papo hapo. Mapokeo ya Kikristo yanasema Mtume Petro aliomba asulubiwe kichwa chini kwa kuwa hakujiona anastahili kufa kama Bwana wake, na ndiyo maana msalaba huo umekuwa alama yake. Ni kweli wapo wanaoutumia kuudhihaki Ukristo, lakini uliochorwa kanisani au kwenye kiti cha askofu ni ishara ya unyenyekevu.

Hatua ya 3: Kwenye shanga, hesabu mafungu

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na ndipo nitakapokaa. Karibu dini zote kubwa zina uzi wa kuhesabia sala, na kwa mbali nyuzi hizo zinafanana. Usihangaike kwanza na idadi yote, kwa kuwa mara nyingi sehemu imefichwa na vidole au nguo. Tafuta mahali mfululizo unapokatika.

Punje kumi zimekaa karibu karibu, halafu nafasi, halafu punje moja peke yake, halafu nafasi tena na kumi nyingine: hiyo ni rozari ya Wakatoliki. Zile kumi ni za Salamu Maria, ile moja ni ya Baba Yetu. Rozari kamili ina mafungu matano. Pale duara linapoungana pana medali ndogo, na kutoka hapo unaning'inia mkia wenye punje tano na msalaba mwishoni. Jumla ni punje 59. Anayesali hutafakari Matendo ya maisha ya Yesu na Mama yake: ya Furaha, ya Uchungu, ya Utukufu, na ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Punje humshikia hesabu ili akili ibaki kwenye tafakuri. Kwa hiyo kuandika "anaabudu rozari" ni kumsingizia mtu jambo asilolifanya.

Punje zikienda 33 ndipo ukakuta kipande chenye umbo tofauti, kisha 33 nyingine, kisha kipande, kisha 33 za mwisho, hiyo ni tasbihi ya Waislamu yenye punje 99. Ncha mbili za uzi hupitishwa kwenye kipande kirefu kama mnara mdogo, na mara nyingi chini yake kuna kishada cha nyuzi. Nyingine ni fupi, punje 33 tu, na huzungushwa mara tatu. Kwa hizo muumini huhesabu Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar baada ya swala, au nyiradi nyingine. Idadi ya 99 pia ni ya majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, Asmaul Husna. Wapo Waislamu wanaoona ni bora kuhesabu kwa vidole, hivyo mtu kutokuwa na tasbihi hakukuelezi lolote kuhusu dini yake.

Mfululizo ukienda mbali bila kukatika hadi kufika punje moja kubwa, yaelekea hiyo ni mala. Kamili ina punje 108, na zaidi ya hizo ile kubwa, inayoitwa Meru, ambayo haihesabiwi. Wahindu wengi wakifika kwenye Meru hawaivuki. Hugeuza uzi na kurudi walikotoka. Mala hutumiwa na Wahindu, Wabudha, Wajaini na Masingasinga, na hapo malighafi husaidia. Mbegu zenye mikunjo na mifereji ni rudraksha, zinazopendwa na waumini wa Shiva, mmoja wa miungu wa Kihindu. Punje nyepesi za mti wa tulsi huvaliwa shingoni na waumini wa mungu mwingine wa Kihindu, Vishnu.

Kama hakuna punje kabisa bali mafundo ya uzi wa sufu, mara nyingi meusi, yenye msalaba wa uzi mwishoni, hiyo ni kamba ya sala ya Waorthodoksi. Iliyo maarufu ina mafundo 100, na zipo za 33 na 50. Kwenye kila fundo husemwa: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi."

Hatua ya 4: Kwenye vinara, hesabu mahali pa mishumaa, usihesabu miali

Lugha yetu inatutega hapa, maana neno *kinara* linabeba vitu vitatu tofauti.

Matawi saba yanayotoka kwenye shina moja ni menora, kile "kinara cha taa" cha dhahabu kinachoelezwa katika Kutoka 25. Umbo lake la kale limechongwa kwenye Tao la Tito mjini Roma, panapoonyeshwa askari wakibeba nyara za Hekalu baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70. Leo pia ni nembo ya taifa la Israeli, kwa hiyo ukiuona kwenye hati ya serikali hauonyeshi ibada.

Ukihesabu tisa, ni kinara cha Hanuka, hanukia. Minane ni ya usiku nane wa sikukuu inayokumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu. Wa tisa huitwa shamashi, maana yake mtumishi, kwa sababu ndio unaowasha mingine, na huwekwa juu zaidi au pembeni ili usichanganywe na ile minane. Na hapa ndipo hesabu ya miali inapodanganya: usiku wa tatu utaona miali minne tu.

Mishumaa saba iliyopangwa mstari mmoja, mitatu myekundu, mmoja mweusi katikati na mitatu ya kijani, ni kinara cha Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga nchini Marekani mwaka 1966. Chombo hicho huitwa kinara kwa neno hili hili letu, na kila mshumaa una jina la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Kwanzaa ni sikukuu ya utamaduni, na wanaoisherehekea wana dini mbalimbali. Nimeona ikiitwa ya Kiyahudi kwa sababu ya ile saba. Angalia rangi na namna mishumaa ilivyosimama, hutakosea.

Hatua ya 5: Kwenye swastika, soma kilichoizunguka

Hii ndiyo alama inayohitaji mkono mwepesi kuliko zote, kwa kuwa inagusa ibada ya mamilioni ya watu na pia maombolezo ya mamilioni. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na lina maana ya heri. Wahindu huichora milangoni na kwenye vitabu vya hesabu za biashara wakiomba baraka, mara nyingi kwa rangi nyekundu au ya manjano, ikiwa na nukta nne kati ya mikono. Kwa Wajaini mikono minne ni hali nne ambamo nafsi huzaliwa, na juu yake huwekwa nukta tatu, mwezi mwembamba na nukta moja zaidi. Nchini Japani alama hii kwenye ramani imekuwa ikionyesha hekalu la Kibudha.

Ya Wanazi, waliyoichukua mwaka 1920, kwa kawaida ni nyeusi, imesimama kwa pembe kama almasi, ndani ya duara jeupe kwenye kitambaa chekundu. Usitegemee upande mikono inakoelekea, kwa kuwa pande zote mbili hutumika kwenye ibada, na picha iliyogeuzwa itakuharibia hata hilo. Tegemea rangi, nukta, ulalo na mahali. Unapoandika, taja muktadha kwenye sentensi hiyo hiyo: "swastika ya Kihindu, alama ya heri, juu ya mlango wa hekalu." Ukiliacha neno peke yake, msomaji atalijaza kwa hofu yake, na huwezi kumlaumu.

Hatua ya 6: Pitia zinazobaki haraka

Nyota yenye ncha sita iliyotokana na pembetatu mbili ni Nyota ya Daudi ya Wayahudi, ingawa Wahindu nao wana mchoro kama huo. Nyota yenye ncha tisa hutumiwa na Wabahai. Gurudumu la mihimili minane ni la Wabudha, kwa ile njia yenye sehemu nane ya mafundisho ya Budha; likiwa na 24 ni lile la bendera ya India. Mwezi mwandamo na nyota huhusishwa na Uislamu, lakini hiyo si alama iliyoagizwa na Kurani, na ipo kwenye bendera kadhaa za nchi. Hilali nyekundu kwenye gari la wagonjwa ni alama ya huduma ya kibinadamu, sawa na msalaba mwekundu.

Hatua ya 7: Andika kitu, kisha kazi yake, dini ya mtu iache mpaka aseme

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi. Mzee ameketi kwenye ngazi, mkono wa kulia una shanga za kahawia, sehemu imefunikwa na shuka. Maelezo yaliyoletwa nayo yanasema: "Mzee akivuta uradi kwa tasbihi."

Saa yake inasomeka vizuri, kwa hiyo picha haijageuzwa. Naikuza na kuanza kuhesabu kutoka kwenye kidole gumba. Nafika 41 kabla ya uzi kuingia ndani ya shuka, na hakuna nafasi wala kipande cha umbo tofauti. Rozari imeondoka, maana ingekatika baada ya kumi. Tasbihi ya kawaida ya 99 nayo imeondoka, kwa kuwa kwenye punje 41 za mfululizo ningekutana na kipande cha kutenga angalau mara moja. Inabaki mala. Punje zenyewe si laini. Kila moja ina mifereji inayoshuka kutoka tundu la juu hadi la chini: rudraksha. Uzi umelala kwenye kidole cha kati, gumba linasukuma, na kidole cha shahada kimenyooshwa mbali, kama ambavyo Wahindu wengi hufundishwa kushika mala. Kwenye paji la uso kuna mistari mitatu ya majivu iliyolala, alama ya waumini wa Shiva.

Nikaandika: "Mzee ameshika mala ya mbegu za rudraksha, shanga za kuhesabia marudio ya jina takatifu. Mistari ya majivu kwenye paji la uso huvaliwa na waumini wa Shiva." Sikuandika "mzee wa Kihindu," kwa sababu sijamuuliza. Msomaji ana kila anachohitaji, na mzee hajabandikwa jina na mgeni.

Mambo yakikwama

*Punje hazihesabiki kwa ukungu.* Tazama mwisho wa uzi. Msalaba, kipande cha mnara, au punje kubwa moja kila kimoja kinakuelekeza. Kishada peke yake hakitoshi, kwa kuwa tasbihi na mala zote huwa nacho.

*Umepata 33 kamili.* Usikimbilie tasbihi. Kuna shanga za sala za Waanglikana zenye 33 pia: mafungu manne ya punje saba, punje nne kubwa za kuyatenga, na moja karibu na msalaba. Na kuna kamba ya Waorthodoksi ya mafundo 33. Msalaba na mafundo vitakuamulia.

*Idadi haiendani na chochote.* Huenda ni bangili ya mala yenye 27, robo ya 108. Huenda uzi ulikatika ukafungwa upya na punje pungufu. Au ni komboloi ya Wagiriki, shanga za kuchezea vidole ambazo hazina ibada ndani yake. Andika "shanga" na usonge mbele.

*Alama iko kwenye fulana, tatuu au kipuli.* Eleza umbo na mahali ilipo, ukomee hapo. Wapo wanaovaa msalaba kwa imani, na wapo waliopewa na mama.

*Mwenye kitu anakiita jina tofauti na lako.* Tumia jina lake. Wakatoliki wapo wanaoiita rozari yao tasbihi tu nyumbani. Hapo andika "rozari, ambayo yeye huiita tasbihi," na maelezo yako yatakuwa sahihi kwa wote wawili.